Basoda wa Mwili wa Yaya

Watu hunishangaa nikisema kwamba mwaka ninaoutamani kuliko yote ni ule ambao shingo ya yaya wangu ilitunga usaha. Wananitazama kama mtu aliyechanganyikiwa. Mwaka ule hatukuwa na kitu. Redioni vita vilikuwa vimetangazwa kwisha, lakini ni kama hakuna aliyewapelekea habari hizo waliokuwa milimani, na milio ya bunduki iliendelea kushuka kutoka upande wa Fizi kila walipojisikia. Mji wetu wa Baraka wenyewe ulikuwa nusu nyumba na nusu kuta zisizo na mabati. Na bado, nikiambiwa nichague mwaka mmoja nirudishiwe, nitaomba huo huo, pamoja na usaha wake.

Kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa, awe wa kiume au wa kike. Wangu alikuwa wa kike, na alinitangulia katika kila kitu: kuolewa, kuzaa, kufiwa na mume, na kugombana na watu. Tulikimbia pamoja kuvuka ziwa, tukaishi kambini ng'ambo mpaka tukazoea Kiswahili cha Tanzania, cha kusema samahani hata pale ambapo wewe ndiye uliyekanyagwa. Meli za kurudisha wakimbizi zilipoanza kutoka Kigoma, tuliandikishwa sisi wawili kwanza, ili tuje tuone kama kiwanja cha marehemu baba bado kipo na tusimamishe nyumba. Mama yetu alibaki kambini na binti wa yaya, mtoto wake wa pekee, ambaye wakati huo bado alikuwa anajifunza kusema. Mama alisema mtoto mdogo hawezi kulala chini ya turubai Baraka wakati sisi tunafyatua matofali. Yaya alikubali kwa sababu alidhani ni jambo la muda mfupi.

Kabla ya kuondoka alimwita mpiga picha wa kambini. Alivaa kikwembe chake kizuri, kitenge cha kijani chenye ndege wa manjano, na blauzi ya kitambaa hicho hicho iliyofunga shingo, akasimama mbele ya pazia akiwa amevimbisha mashavu kwa majivuno. Picha ile aliiacha kwa mama. Kazi yake ilikuwa moja: kila asubuhi mtoto aonyeshwe na aambiwe, huyu ndiye mama yako.

Mimi sikuwa na mtoto. Mume wangu alikuwa amekwenda Misisi kuchimba dhahabu, na habari zake nilizipata kwa vijana wa pikipiki tu. Mmoja alisema amemwona shimoni, mwingine akasema amemwona kwa mwanamke. Majirani walinitania kwamba tumbo langu nalo limekimbilia ng'ambo likasahau kuandikishwa kurudi. Nilicheka nao. Lakini mtoto wa yaya nilimbeba mgongoni kambini kila yaya alipopanga foleni ya unga, na mgongo wangu ulimkumbuka kuliko nilivyotaka kukiri mbele yao.

Tulipokuwa tunapandisha kuta, yaya alianza kukonda. Mdomo ulijaa ukoko mweupe, tumbo likawa linamwendesha, na ubavuni yakamtoka yale malengelenge yanayoitwa mkanda wa jeshi. Yeye mwenyewe alisema jeshi halimwachi hata akiwa amevaa nguo. Nilimpeleka hospitali. Walimtoa damu na mate, na mchana ule ule tukaambiwa ana virusi vya ukimwi, na kwamba siku hizi dawa zipo hapa hapa Baraka, bure. Hakulia. Aliuliza swali moja tu.

"Meli ya mama na mutoto bado haijapangwa. Iyi dawa itanifikisha?"

"Itakufikisha na kupitisha," alisema mshauri.

"Mi sitaki kupita. Nataka mutoto anikute nikisimama mu miguu yangu. Asinikute mu kitanda, asinikute mu kaburi."

Mshauri huyo alikuwa kijana kutoka Bukavu, mpole, mwenye viatu vilivyong'aa hata siku za matope. Kazi yake ilikuwa kueleza dawa kwa wagonjwa na kwa sisi tunaowauguza, ambao hospitalini tunaitwa magadi-malade. Alikuwa na kitambaa kikubwa kilichochorwa mwili wa mtu, na ndani ya mwili vitu vidogo vyenye kofia na bunduki.

"Mama, mu damu yako muko basoda," alisema, akimaanisha askari; na njo yetu ni ndio. "Njo banakulindaka. Virusi imebaua, bamebakia kidogo sana. Hii dawa itafunga virusi, na basoda bataongezeka."

"Bataongezeka?" yaya aliuliza.

"Bataongezeka mingi!" Alitabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

Yaya alinigeukia, nami nikajua anachofikiria kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiria. Kijana yule alikuwa mtu wa mjini. Kwetu, kwenye vijiji vya juu ya Fizi, mtu akija mbio akasema basoda wameongezeka, hakuna anayeshukuru. Unafunga mbuzi, unaficha sufuria, unawatoa wasichana kwa njia ya mashamba ya mihogo. Iwe ni basoda wa serikali au wa msituni au wa nchi nyingine, kuku ni yule yule mmoja. Lakini yaya alikuwa anataka kufika kwa mtoto wake, basi alizimeza zile dawa. Asubuhi na jioni, redio ilipoanza habari, alikuwa na kidonge mkononi.

Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata nikaanza kujisifu kwa majirani. Tumbo lilitulia. Alikula bugali na sombe ya majani ya muhogo, akaniambia ndagala zangu, dagaa wa ziwani, hazina chumvi, na yaya akianza kulaumu chakula ujue amepona nusu. Jioni alitembea hadi ufukweni, akatazama upande wa Kigoma, ambako hakuna kitu cha kuona ila maji.

Kisha, kabla hata ya mwezi kuisha, homa ikaja. Haikuwa malaria, walipima. Ikafuata shingo. Upande wa kushoto, chini ya taya, yalitoka mafundo kama maharage, halafu kama mayai, yenye moto na maumivu hata ukiyapulizia tu. Akashindwa kugeuza kichwa. Blauzi ya kile kikwembe cha ndege ilimbana, akaivua na kunitupia pamoja na kitambaa chake.

"Vaa we. Mi sina tena shingo ya kuvaa kitu."

Tangu apate ugonjwa hakuwahi kuwa na hali mbaya kiasi hicho. Hilo ndilo lililotuchanganya. Alikuwa ameugua bila dawa na bado alikuwa akichota maji. Sasa anameza dawa na hawezi kumeza mate. Mama jirani, mtu wa chumba cha maombi, alikuja akasema waziwazi kwamba vidonge vile ni sumu na kwamba afunge kula na kuomba. Yaya hakumsikiliza kuhusu kufunga. Lakini kuhusu vidonge, alikuwa ameshafika mahali pale kwa njia yake mwenyewe.

"Alisema nini, ule mutoto wa Bukavu? Alisema basoda bataongezeka. Njo bameongezeka! Mi nilikimbiaka basoda toka mulimani mpaka Kigoma. Leo nabameza mi mwenyewe, halafu unashangaa vile banaharibu?"

Akakifunika kikopo cha dawa, akakisukuma chini ya kitanda kwa mguu. Nilibembeleza, nikafoka, nikamwita mkaidi na jina lingine ambalo siliandiki. Nilimwambia mtoto wake atashuka melini aje kupewa kikopo. Alinigeuzia mgongo, mwili mzima kwa pamoja kwa sababu ya shingo.

Basi aliacha dawa, na shingo haikujali. Ukiwafungulia mlango basoda, kufunga mlango baadaye hakuwatoi. Uvimbe uliendelea, ngozi ikawa nyekundu na nyembamba, na asubuhi moja ikapasuka yenyewe, ikatoa maji mazito ya manjano yasiyo na harufu kali. Harufu ndiyo nilikuwa naogopa. Nilipoikosa nikapata nguvu, nikaazima kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli, nikampakia nyuma na kuisukuma hadi hospitali. Njia nzima alinitukana kila tairi lilipoingia shimoni. Nilifurahi kila aliponitukana.

Daktari alikuwa mgeni kutoka nchi za nje, anaongea Kifaransa, na mshauri wetu wa viatu ndiye aliyetafsiri. Daktari alichoma sindano kwenye fundo jingine ambalo halijapasuka, akavuta usaha, ukapelekwa kutazamwa kwa hadubini. Tulingoja kwenye benchi. Yaya aliegemea bega langu akahesabu kwa sauti ndogo vitu atakavyompikia mtoto. Alipofika kwenye ndizi na mawese, tuliitwa.

"Ni kifua kikuu," mshauri alisema.

"Mi sikohoi," yaya akasema.

"Kiko mu shingo. Kinaingiaka hata mu shingo."

"Munipimaka mate mbele ya kunipa dawa. Mukasema niko safi."

"Njo vile. Hata dogta anakumbuka. Haukukuwa unakohoa, mate yako ilikuwa safi, shingo ilikuwa nyembamba. Ule ugonjwa ulikuwa umejificha."

Daktari akaongea kwa muda mrefu, na kijana akasikiliza kwa muda mrefu, halafu akakwama. Nilimwona akitafuta maneno. Mwishowe akarudi kwenye kitambaa chake, kwa sababu hakuwa na kingine.

"Mama, usikilize. Wakati basoda yako bamekufa, ule adui wa kifua kikuu alikuwa amekaa mu mwili yako, anakula polepole. Hakuna mutu wa kumupiga, hakuna kelele, njo maana hata sisi hatukumuona. Sasa dawa imerudisha basoda. Bamerudi, bamekuta adui mu nyumba. Banamupiga. Hii homa, huku kuvimba, njo ile vita. Haiko dawa inakuua. Njo mwili yako umelamuka."

Yaya alikitazama kitambaa. Mimi nilidhani amekubali. Alipofungua mdomo, alimwongelesha taratibu, kama anavyomwongelesha mtoto.

"Mwanangu, we unakaaka Bukavu. Mi nitakuambia vita ya mu nyumba. Basoda wakipigana na adui mu nyumba, adui anakufa, ao anakimbia. Basoda banaenda. Kinachobaki kuungua ni nini?"

Kijana alianza kukikunja kitambaa chake.

"Ni nyumba," yaya akasema. "Na hapa, mi njo nyumba."

Sijui ni kitu gani kijana yule alikuwa ameona huko alikotoka, lakini uso wake ulibadilika. Alimgeukia daktari akamtafsiria, pole pole, na daktari akaacha kuandika. Nilisikia neno la Kifaransa la nyumba likirudiwa mara kadhaa. Daktari akatikisa kichwa juu na chini, si kwa adabu tu. Alisema, na kijana akatuletea, kwamba yaya amelieleza jambo lenyewe. Ndivyo ilivyo. Kinachoumiza mara nyingi si adui peke yake, ni nguvu za mwili zinaporudi kwa ghafla na kupigana bila kipimo. Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni kumpa dawa za kumwua adui, za kifua kikuu, miezi mingi bila kuruka, ili basoda wakose cha kupiga. Ya pili, kama watazidi ukali, ipo dawa ya kuwatuliza kwa muda.

"Na zile za kwanza?" nikauliza. "Zile za chini ya kitanda?"

Yaya alinikodolea macho. Daktari hakumgombeza. Alisema hizo zirudi, zisiachwe tena, kwa sababu bila basoda adui atamaliza nyumba polepole na hakuna atakayesikia. Ila kidonge kimoja kati ya zile kitabadilishwa, kwa sababu hakipatani na dawa za kifua kikuu.

Yaya alifikiri. "Hakuna njia ya tatu?"

"Hakuna, mama."

"Basi munipe basoda. Lakini mubaambie kuko mwenye nyumba."

Ndivyo alivyorudi kwenye dawa. Hakuvutwa na woga wala na kelele zangu. Nadhani alichotaka ni mtu mmoja akubali kwamba nyumba huungua. Mpaka siku hiyo kila mtu hospitalini alikuwa amemwambia kwamba ni habari njema.

Dawa za kifua kikuu zilifanya mkojo wake uwe mwekundu. Walikuwa wametuonya, lakini yaya alisahau, na asubuhi ya kwanza alipiga ukelele chooni hadi majirani wakatoka na panga wakidhani tumevamiwa. Kile kidonge kipya cha jioni kilikuwa na vituko vyake pia. Kilimletea kizunguzungu, na kilimletea ndoto, si ndoto za kawaida za vipande vipande, bali ndoto nzima zenye rangi na sauti. Aliniamsha asubuhi kunisimulia. Mtoto alikuwa amekuja. Mtoto amevuka ziwa kwa miguu, maji yanamfika kwenye kifundo tu, amebeba sahani ya bati. Kesho yake mtoto amekaa juu ya ukuta wetu usiokamilika, anamwuliza kwa nini dirisha liko chini.

Nilizisikiliza asubuhi zile nikikoroga uji, na leo ndizo ninazozitamani kupita kiasi. Yaya mkekani na bandeji shingoni, mkono hewani akionyesha urefu wa mtoto wa ndotoni. Mimi nikimwuliza amevaa nini, ameota meno, ameniulizia. Alikuwa anadanganya kidogo, akiniambia kila mara kwamba ameniulizia. Ndoto zilipoanza kupungua, kama mwezi hivi baadaye, alikwenda kulalamika hospitali kwamba dawa imeisha nguvu. Mshauri alicheka mpaka akakaa chini.

Mambo hayakunyooka lakini. Akiwa tayari anameza zote, upande wa kulia wa shingo nao ukavimba, na homa ikarudi. Safari hii ni mimi niliyetaka kuzitupa zile dawa ziwani. Yaya alisema, "Bado banapigana. Twende tukaombe ya kuwatuliza." Walimpima tena, wakahakikisha hakuna ugonjwa mwingine na kwamba dawa za kifua kikuu hazijarukwa, wakavuta usaha kwa sindano, kisha wakampa vidonge vidogo vyeupe vya kumeza asubuhi pamoja na chakula, vya kupunguzwa kidogo kidogo. Siku chache tu, homa ikashuka. Mafundo yakalegea. Na njaa! Alikula kama wachimbaji wa Misisi. Nilipika sufuria nikadhani ni ya watu, akaimaliza akaniuliza kama kuna chakula cha mchana.

Wakati huo ndipo milio ya bunduki ilipofika karibu. Asubuhi moja ilisikika nyuma ya mto, watu wakaanza kubeba magodoro kuelekea barabara ya Mboko. Nilimshika yaya mkono tukatoka. Tulipofika njia panda alinikwepa akarudi ndani ya nyumba mbio, mtu ambaye wiki chache nyuma nilimsukuma kwa kinga. Nilimpigia kelele za kila namna. Akatoka amefunga mfuko wa dawa kiunoni kwa kitambaa.

"Naona," akasema akihema, "leo nakimbia basoda na basoda yangu mu kiuno."

Tulicheka tukiwa tunakimbia, jambo ambalo silishauri. Tulilala kwa watu njiani, akameza dawa zake kwa wakati, na mambo yalipotulia tukarudi. Nyumba haikuguswa, isipokuwa mlango, na mlango wenyewe haukuwa mzuri.

Mwishoni mwa kiangazi habari ilikuja: majina ya mama na mtoto yametoka, wako kwenye meli inayofuata. Kwa furaha yaya hakulala, akaosha tena hata vilivyokwisha kuoshwa. Vidonda vya shingo vilikuwa vimekauka na kuacha makovu yaliyojikunja, yenye rangi ya zambarau. Uso, kwa zile dawa nyeupe alizokuwa bado anazimaliza, ulikuwa umejaa, umekuwa duara, macho yamerudi ndani. Alijitazama kwenye kipande cha kioo.

"Nafanana nani?"

"Unafanana bosi wa sukari anayejilisha mali yake," nikamwambia.

Alifunga kitambaa shingoni kuficha makovu. Halafu akavitoa kwenye vitu vyangu kile kikwembe cha ndege na blauzi yake alivyonitupia, akanipa.

"We vaa hii. Mi shingo inanikwaruza. Lakini mutoto aone kitu anakijua."

Nilivaa. Sikufikiri chochote. Ilikuwa nguo nzuri na ilikuwa siku kuu.

Tulisimama bandarini na watu wengi, tukizuiwa na kamba. Yaya alisimama kwa miguu yake, kama alivyoapa. Alikataa kukaa hata pale watu wa afya walipompa kiti. Meli ilisogea, wakaanza kushuka na magunia, na sufuria, na kuku wa Tanzania. Nilimwona mama kwanza, amezeeka. Mkononi ameshika mtoto mrefu kuliko yule ambaye yaya alinionyesha kwa mkono asubuhi zile za ndoto.

Mama alimwachia, akamwambia kitu. Mtoto alitazama umati. Macho yake yakapita juu ya yaya bila kusimama, yakaja kwangu, yakatua kwenye ndege wa manjano. Akapita chini ya kamba akaja mbio.

"Mama!"

Alinigonga magoti, akayakumbatia. Nilimwinua. Nasema wazi kwamba nilimwinua, na kwamba sikusema neno. Alikuwa mzito, ana harufu ya chumvi ya jasho na biskuti za melini, ameuweka uso wake shingoni mwangu, shingo nyembamba isiyo na kovu, kama ile ya kwenye picha. Utupu wangu wote ambao majirani waliutania ulikuwa umejazwa mikononi mwangu. Nilitaka watu waondoke. Nilitaka yaya, ndugu yangu niliyemsukuma kwa kinga, awe mbali kidogo, kwa dakika moja tu.

Yaya alikuwa pembeni yangu. Aliona yote. Alinyoosha mkono, nikadhani anamchukua, kumbe alikuwa anamtengenezea gauni lililopanda mgongoni.

"Muache kwanza," akasema. "Anajua vile nilikuwaka."

Mtoto aligeuka kumtazama huyu mwanamke wa uso duara, halafu akauficha uso tena. Ni mimi niliyemwambia, nikiwa bado nimembeba, kwamba mama yake ni yule. Alilia hadi nyumbani. Yaya alitembea mbele na gunia la mama kichwani, bila kuangalia nyuma, na hakukaa chini hata mara moja.

Jioni redio ilipoanza habari, yaya alitoa vidonge vyake. Mtoto, ambaye alikuwa amejibanza nyuma ya sketi ya mama yetu, akachungulia. Watoto wetu wakimwita bibi husema koko.

"Koko alisema uko na basoda mu tumbo," akasema. Yaya alikuwa amewapelekea habari kwa watu waliovuka, na habari zikafika hivyo.

"Bako," akajibu yaya. "Mingi."

"Baniuwa?"

"Hawa hapana. Kuya usikilize."

Ilichukua muda mrefu. Mtoto alikuja hatua kwa hatua, akaweka sikio kwenye tumbo la yaya, yuko tayari kukimbia. Yaya alishikilia pumzi. Mkono wake ulikuwa hewani juu ya kichwa cha mtoto, haujathubutu kushuka.

"Sisikii kitu. Balilala?"

"Apana. Balilamuka. Lakini sasa banajua mwenye nyumba."

Mtoto alisikiliza tena. Hakuondoa sikio. Baada ya muda mkono wa yaya ulishuka, ukatulia kwenye nywele zile, na mtoto hakuhama.

Nilikwenda nyuma ya pazia. Nikavua kile kikwembe na blauzi yake, nikavikunja vizuri, nikaja nikaviweka mkekani upande wa yaya. Sikutaka kuvirudisha. Mpaka leo sitaki.